Mradi Upi, Mnunuzi Yupi

Chukua sentensi fupi ya Kiingereza ambayo mwandishi wa Nachingwea anaweza kuiandika bila kusita: "Groundnut scheme failed because of poor planning." Mhariri yeyote ataona papo hapo kwamba mbele ya "groundnut scheme" kuna kitu kimekosekana. Lakini ni kipi? Akitia "the", msomaji anapelekwa moja kwa moja mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilipoanzisha kilimo kikubwa cha karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikajenga bandari Mtwara na reli ya kusafirisha karanga ambazo hazikupatikana, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Akitia "a", sentensi inazungumzia mradi wowote mmoja miongoni mwa mingi, pengine wa juzi tu, wa kugawa mbegu bora vijijini. Sarufi inazikubali sentensi zote mbili, kwa hiyo kitabu cha sarufi hakiwezi kumwamulia mhariri. Anayejua ni mwandishi, na kwenye karatasi hakusema.

Sura hii inatetea hoja moja. Kijineno kinachokosekana katika rasimu ya Kiingereza ya mwandishi aliyelelewa kwa Kiswahili mara nyingi ni taarifa iliyokosekana. Kwa hiyo mhariri mzuri haanzi kwa kuuliza kanuni inasema nini. Anaanza kwa kuuliza mwandishi alikusudia nani, kipi, wangapi na wapi. Maneno "a", "an" na "the" nitayaita vibainishi, na maneno kama "in", "at", "of" na "to" nitayaita vihusishi kama yanavyoitwa darasani. Makundi haya mawili huwekwa pamoja katika orodha ya "makosa madogo madogo", lakini uzito wake haulingani, na tofauti hiyo ya uzito ndiyo inayopaswa kumwongoza mhariri aanzie wapi na aishie wapi.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Kiswahili hakina vibainishi, basi Mswahili hana hisia ya kitu kinachojulikana na kisichojulikana. Nusu ya kwanza ni kweli, nusu ya pili si kweli hata kidogo. Mtu wa Ruangwa akisema "wakulima walihifadhi ufuta ghalani", ametaja ufuta kwa ujumla. Akisema "wakulima waliuhifadhi ufuta ghalani", ile "-u-" iliyoingia katika kitenzi inamwambia msikilizaji kwamba ufuta huo ameshausikia, ndio ule waliokuwa wanauzungumzia. Vivyo hivyo "mkulima alikuja" na "yule mkulima alikuja" ni habari mbili tofauti, na hakuna mzungumzaji anayezichanganya. Tofauti ambayo Kiingereza huiweka mbele ya nomino, Kiswahili huiweka ndani ya kitenzi, katika kionyeshi, au huiacha ieleweke kutokana na mpangilio wa maneno. Mwandishi anapohamia Kiingereza, kitenzi cha Kiingereza hakina nafasi ya kubeba ile "-u-", na nomino inabaki uchi. Ujuzi anao, ila mahali alipozoea kuuweka hapapo tena.

Jambo hili linampa mhariri kipimo anachoweza kukitumia siku nzima. Akikuta nomino ambayo haijulikani inataka "the" au la, airudishe sentensi katika Kiswahili na aone kama kiambishi cha mtendwa kinaingia bila kulazimisha maana, au kama "yule", "ile" au "zile" inaweza kutangulia nomino. Ikiwezekana, "the" inahitajika. Isipowezekana, na nomino ni kitu kimoja kinachohesabika, "a" ndiyo inayokosekana. Kipimo hiki kina mipaka yake, na ni vizuri kuijua mapema. Kwa watu hakiaminiki katika kitenzi, kwa sababu Kiswahili hutaka "nilimwona mkulima" hata pale mkulima huyo hajulikani kabisa. Kwa watu tumia kionyeshi peke yake. Pia hakifanyi kazi pale Kiingereza kinapodai "the" kwa mazoea yake: mbele ya "first", "same" na "highest", au mbele ya kitu ambacho kipo kimoja tu, kama jua, au wizara iliyotajwa kwa jina lake kamili. Hayo ni machache na yanashikika kichwani. Yanayobaki ndiyo mengi, kwa kuwa "the" peke yake huchukua takribani maneno 5 hadi 7 katika kila maneno 100 ya maandishi ya Kiingereza.

Kuna kosa moja tu ambalo mhariri anaweza kulikamata bila kujua maana yoyote, nalo ni nomino ya umoja inayohesabika iliyosimama peke yake. "Farmer needs loan" ni kosa popote pale katika maandishi ya kawaida, iwe mkulima huyo anajulikana au hajulikani. Kwa hiyo duru ya kwanza ya kusahihisha ni ya nomino hizo tu. Pita ukurasa mzima ukitazama kila nomino ya umoja na uulize ina nini mbele yake: kibainishi, "this", "each", "our", au namba. Kama haina kitu, weka alama, lakini usisahihishe bado. Mara nyingi suluhisho halitakuwa "a" wala "the". Mwandishi alikusudia wingi, na "farmers need loans" ndiyo sentensi aliyokuwa nayo kichwani.

Hapa ngeli zetu zinaingia kwa njia ambayo wahariri wengi hawaitarajii. Katika ngeli ya I-ZI umbo la nomino halibadiliki: mbegu moja, mbegu elfu moja. Karanga, kazi, taarifa, bei, mashine, zote ziko hivyo. Umoja na wingi hujulikana kwa upatanisho, "mbegu ilioza" au "mbegu zilioza", na Kiingereza kikiondoa upatanisho huo mwandishi anaandika "seed was distributed to farmers" bila kuona kwamba ameiacha hesabu nje. Upande mwingine, vitu ambavyo Kiswahili huvihesabu bila shida, Kiingereza hukataa kuvihesabu. Tuna vifaa, tafiti, samani na taarifa mbili, basi rasimu inatoa "equipments", "researches", "furnitures" na "two informations", na pembeni yake "an advice" na "a research". Anayesahihisha "an" ya "an advice" na kuweka "the" ameliacha tatizo lilipo, maana lilikuwa katika kuhesabu. Aulize kwanza kama Kiingereza kinaihesabu nomino hiyo, ndipo aguse kibainishi.

Tutazame sasa aya nzima. Nimeitunga kwa ajili ya sura hii, lakini mambo yanayotajwa humo ni ya kila msimu katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa: ufuta huvunwa, hupelekwa ghala la chama cha msingi, kisha ghala kuu, huuzwa kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, na chama kikuu kinachoviunganisha vyama vya msingi vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI, jina lililotokana na wilaya hizo tatu. Aya inasema: "Farmers in Nachingwea harvested sesame in June and stored in warehouse of village. Price was announced on the auction day, but the farmers complained for delay of payment. Buyer who won auction took produce from warehouse in Ruangwa before payment arrived to farmers. This caused farmers to lose trust to cooperative."

Mhariri wa haraka ataipitia aya hii kwa dakika tatu, atatia "the" saba au nane kwa sikio, na itasomeka vizuri. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Tazama neno "Buyer". Sikio litaweka "The buyer who won the auction", na kwa kufanya hivyo litakuwa limetangaza kwamba mnada ulikuwa mmoja na mnunuzi alikuwa mmoja. Katika minada ya mazao haya mzigo unaweza kugawanywa kwa wanunuzi zaidi ya mmoja, na katika msimu mmoja minada huwa mingi. Kama wanunuzi walikuwa watatu na mmoja wao ndiye aliyeondoa mzigo kabla ya malipo, Kiingereza kinataka "one of the buyers". Kama ilikuwa tabia ya wote, kinataka "buyers who won the auctions". Sentensi tatu, tuhuma tatu tofauti, na tuhuma hizo zinahusu fedha za watu. Mhariri akichagua kwa sikio anakuwa ametoa ushahidi ambao hakuushuhudia.

Neno la pili ni "cooperative" mwishoni mwa aya. Kuweka "the" mbele yake ni rahisi, na kisarufi ni sawa. Ila "the" huahidi kwamba msomaji anajua ni ushirika upi, na aya haijataja ushirika wowote. Mkulima wa Nachingwea ana ushirika wa ngazi mbili juu yake: chama cha msingi cha kijijini kwake, alikopeleka gunia lake, na chama kikuu kinachosimamia mnada. Amepoteza imani na kipi? Mwandishi pengine anajua vizuri sana. Kwake jibu liko wazi kiasi kwamba hakuona haja ya kulisema. Mwenzake wa Nachingwea ataelewa. Msomaji wa Kiingereza aliyeko Nairobi au London hataelewa, na "the" iliyotiwa na mhariri itamfanya adhani ni uzembe wake mwenyewe kutoelewa. Kibainishi sahihi hapa kingeziba shimo ambalo lilipaswa kuonekana.

Neno la tatu ni lile la kwanza kabisa, "Farmers". Hili halina kosa. Ndiyo maana ni la hatari zaidi, kwa kuwa mhariri anayewinda makosa atalipita. "Farmers in Nachingwea" bila "the" ni wakulima wa wilaya kwa ujumla. "The farmers" ni wale waliohojiwa. Kisha sentensi ya pili inasema "the farmers complained", na ghafla haijulikani kama wanaolalamika ni wilaya nzima au ni kikundi kilichokaa na mtafiti chini ya mwembe. Tofauti hii ndiyo inayotenganisha utafiti na uvumi, nayo imening'inia kwenye herufi tatu.

Baada ya hapo maswali yanakwisha, na kazi inayobaki katika aya ile ni ya fundi. "Stored" inataka "it" baada yake: Kiswahili kingekuwa na "-u-" katika "wakauhifadhi", na kiambishi kilipopotea mtendwa naye akapotea. "Price" inakuwa "the price", kwa kuwa mnada unatajwa katika sentensi hiyo hiyo na bei ni ya mnada huo. "Warehouse of village" inakuwa "the village warehouse". "Produce" inabaki bila "a", maana haihesabiki, lakini inataka "the" kwa kuwa ni ufuta ule ule. Haya mhariri anayafanya peke yake bila kumsumbua mtu. Kuhusu yale matatu anamwandikia mwandishi pembeni, na anamwandikia kwa Kiswahili: "Ndugu mwandishi, mnunuzi aliyeondoa mzigo alikuwa mmoja au walikuwa zaidi? Ushirika unaousema ni chama cha msingi au chama kikuu? Wakulima hawa ni wale uliowahoji, au unasema wilaya nzima?" Mwandishi akiulizwa hivi atajibu kwa mstari mmoja. Akiulizwa kama nomino yake ni bainifu au si bainifu, atakisia ili amridhishe mhariri.

Vihusishi sasa. Chanzo cha makosa haya ni kwamba Kiswahili hutumia vichache na kuviachia vitenzi kazi kubwa. "Yuko shambani, anakwenda shambani, anatoka shambani": nomino haikubadilika, kitenzi ndicho kilichosema kama mtu yumo, anaelekea au anaondoka. Kauli ya kutendea nayo hufanya yaleyale. "Nielezee" tayari ina anayeelezewa ndani yake, na rasimu inazaa "explain me" badala ya "explain to me". Vitenzi kama tegemea, subiri na shiriki hupokea mtendwa moja kwa moja, basi tunapata "depends rainfall", "wait the auction" na "participated the training", vikiwa vimekosa "on", "for" na "in". Kinyume chake, tunajadili kuhusu jambo na kusisitiza juu ya jambo, basi tunapata "discuss about" na "emphasize on" vilivyozidi. Na "na" yetu moja hushika nafasi ya "with", "by" na "from", ndiyo maana mazao yanakuwa "affected with drought" na wilaya moja inakuwa "different with" nyingine.

Lakini kama ningepewa saa moja tu na rasimu nene, vihusishi vingine vyote ningeviacha na kutafuta "of". Kiunganishi chetu cha "-a", yaani wa, ya, la, cha na wenzake, huunganisha nomino mbili bila kujali uhusiano wake ni upi, na mwandishi karibu kila mara hukigeuza kuwa "of". Ucheleweshaji wa malipo unakuwa "delay of payment", Kiingereza kikitaka "delay in". Sababu ya mgogoro inakuwa "reason of the conflict", kikitaka "reason for". Suluhisho la tatizo linataka "solution to", mahitaji ya mbegu "demand for", athari za ukame kwa karanga "effects of drought on groundnuts". Hilo la mwisho lina "of" sahihi na "on" iliyojificha, na rasimu nyingi huandika "effects of drought to groundnuts". Kwenye Word bonyeza Ctrl+F, andika "of" yenye nafasi kabla na baada, na upite moja baada ya nyingine ukiangalia nomino iliyotangulia, kwa sababu nomino hiyo ndiyo inayochagua kihusishi chake. Tahadhari tu na ongezeko. "Increase of price" ni kosa, lakini "an increase of 200 shillings" ni sahihi: kiasi kilichoongezeka huchukua "of", kitu kilichoongezeka huchukua "in". Sentensi kamili huvibeba vyote viwili, "an increase of 200 shillings in the price", na anayefuta "of" zote kwa upofu ataharibu takwimu nzuri.

Kwa mahali kuna msaada ambao Kiswahili chenyewe kinautoa. Kiambishi "-ni" hakisemi kama kitu kiko ndani, kwenye eneo au karibu, lakini kionyeshi kinasema. Mle ghalani, pale ghalani, kule ghalani: anayezungumza Kiswahili huchagua bila kufikiri. Rudisha sentensi na utazame. Panya walikuwa mle ghalani, basi "in the warehouse". Foleni ya wakulima ilikuwa pale ghalani, basi "at the warehouse", maana hawakuwa ndani. Magari yalielekea kule ghalani, basi "to the warehouse". Usitumie "kuna" kama kipimo, kwa kuwa katika mazungumzo ya kawaida "kuna" imemeza "pana" na "mna". Na usitarajie kipimo hiki kikupe "on"; vitu vilivyo juu ya kitu, Kiswahili huvisema kwa "pale mezani" au kwa "juu ya", na mara hiyo unahitaji kuujua ukweli wa mahali penyewe.

Mtu anaweza kupinga kwamba nimekosea mwanzo: lugha ya kwanza ya wengi Nachingwea na Ruangwa wala si Kiswahili. Ni Kimwera, na kwa wengine Kimakonde, Kiyao au Kimakua, na Kiswahili walikijua shuleni au mjini. Pingamizi ni la haki, ila haliigusi hoja kwa namna linavyodhaniwa. Lugha hizo ni za Kibantu kama Kiswahili. Hazina "a" na "the", na zina ngeli za mahali zinazofanana na pa, ku na mu zetu. Zaidi ya hayo, mtoto wa huku amesoma madarasa 7 ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja miongoni mwa mengi, ndipo kidato cha kwanza akaanza kusomeshwa kila kitu kwa Kiingereza. Anapoandika ripoti, sentensi inayopita kichwani kabla ya kufika kwenye karatasi kwa kawaida ni ya Kiswahili, hata kama bibi yake alimwimbia kwa Kimwera.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kiingereza cha Afrika Mashariki kina mamilioni ya wasemaji wanaoelewana. Kwa nini "discuss about" iwe kosa wakati kila mtu anaielewa, na Waingereza na Wamarekani wenyewe hawakubaliani kama mgonjwa yuko "in hospital" au "in the hospital"? Nakubaliana na sehemu kubwa ya hilo, na ndiyo sababu nimesema uzito haulingani. Kihusishi kilichozidi katika "discuss about" hakimdanganyi msomaji. Nikiwa na muda nitakiondoa kwa kuwa jarida litataka hivyo, na nisipokuwa na muda nitalala usingizi. Lakini "Buyer who won auction" haina utetezi huo. Tatizo lake si kwamba ni ya Kitanzania; Mtanzania mwenzake naye hawezi kujua wanunuzi walikuwa wangapi. Anayezitetea sentensi hizi mbili kwa hoja moja anaitumia heshima ya Kiingereza chetu kuficha taarifa isiyokamilika. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu: kwanza vibainishi vinavyobeba watu, fedha na idadi, pili vihusishi vinavyobadilisha nani kafanya nini kwa nani, kama "with" mahali pa "by", mwisho kabisa vile ambavyo ni suala la mazoea tu.

Wengine watasema kumrudishia mwandishi maswali kunachelewesha kazi, hasa mwandishi akiwa kijijini mtandao unapokatika. Kweli, lakini hesabu maswali. Aya yetu ilikuwa na nomino zaidi ya kumi na tano zenye shida au zinazofanana na shida, na maswali yalitoka matatu. Mhariri anayejikuta akiuliza kumi katika aya moja anauliza yasiyo na maana, au aya yenyewe haijakomaa na inapaswa kurudi kwa mwandishi yote.

Liko kosa jingine linalozaliwa na usahihishaji wenyewe. Mwandishi aliyerudishiwa rasimu yenye "the" nyekundu kila mstari hujifunza somo lisilo sahihi, na rasimu yake ifuatayo inakuja na "the malaria", "the agriculture" na "the Ruangwa District". Utaitambua haraka: "the" zimejazana mbele ya nomino dhahania na majina ya magonjwa. Hapa kanuni ya kurudi kwenye Kiswahili inafaa tena, maana hakuna atakayesema "kile kilimo ni uti wa mgongo" akikusudia kilimo kwa ujumla. Majina ya mahali ndiyo yanayosumbua kweli. Mto huchukua "the", kwa hiyo "the Lukuledi River" na "the Mbwemkuru". Uwanda wa juu nao huchukua, "the Makonde Plateau". Wilaya haichukui, "Nachingwea District", lakini ukiigeuza kuwa "the district of Nachingwea" inachukua. Na hifadhi zetu zina vituko vyake: pori la akiba la Selous liliandikwa "the Selous Game Reserve", na sehemu yake kubwa ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019 ikawa "Nyerere National Park", bila "the". Miti ni ile ile, tembo ni wale wale. Mambo haya hayana mantiki ya kutafuta. Andika orodha ya majina ya kitabu kizima kwenye karatasi moja, amua kila jina litaandikwaje, na ulifuate hadi ukurasa wa mwisho.

Aina za mbegu zinastahili mstari wao katika orodha hiyo. Taasisi ya utafiti ya Naliendele imetoa karanga zinazoitwa Pendo, ya mwaka 1998, na baadaye Naliendele 2009, Mangaka 2009 na Nachingwea 2009. Jina la mbegu likisimama peke yake halina kibainishi, "Pendo matures early", lakini likifuatwa na neno la aina linadai "the", "the Pendo variety". Nachingwea ikiwa mbegu na pia mji, "yields of Nachingwea" ni mtego: mhariri aliyezoea kugeuza "of" kuwa "in" mbele ya majina ya mahali atahamisha mavuno kutoka kwenye mbegu na kuyapeleka wilayani. Kama mwandishi amesahau kuandika 2009, muulize kabla ya kugusa chochote.

Mwisho kuna mahali ambapo nomino uchi iachwe ilivyo. Vichwa vya majedwali, maelezo ya picha na vichwa vya sura katika Kiingereza huruhusu kibainishi kidondoke: "Price of sesame at auction, Ruangwa, by month" haina kosa, na kuijaza "the" kunaifanya isomeke kama sentensi iliyokatika. Jedwali likishatoka hapo na kusimuliwa katika aya, nomino zilezile zinarudi chini ya sheria za kawaida, na swali la ni bei ipi na ya mnada upi linaanza upya.